Umehamia Maskati, Play Store bado inaonyesha shilingi

Kuwasha VPN au kubadili lugha ya simu hakusaidii, kwa sababu bei hufuata nchi iliyosajiliwa kwenye akaunti. Ukishafika Omani, fungua Play Store, gusa picha yako, kisha Settings, General, Account and device preferences, Country and profiles. Chagua Omani, uweke kadi ya benki ya huko; ya Dar haitakubaliwa. Mabadiliko huweza kuchukua hadi saa 48.

Lakini maliza kwanza salio lako la Google Play, maana la Tanzania halitumiki Omani. Na usibadili kwa safari ya wiki mbili: ukishabadili, utasubiri mwaka mzima kabla ya kubadili tena.