SOMO: Gabioni za kuzuia mto usile shamba, namna ya kuhesabu bokisi na tripu za mawe kabla hujatoa hela

Wakuu habari za saa hizi. Tangu zile mvua za 2024, zilizokuja na kimbunga Hidaya na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, watu wengi huku Lindi na Mtwara wanauliza habari za gabioni, yale mabokisi ya wavu wa waya yanayojazwa mawe. Swali linakuja hivi hivi kila mara, mto unakula shamba langu, ninunue bokisi ngapi na mawe tripu ngapi. Leo naliweka lote hapa kwa mfano mmoja tu ila tuuchambue mpaka mwisho.

Chukua shamba la mikorosho pembeni ya kijito kinachomwaga maji Lukuledi, upande wa Mtama. Maji yamekula ukingo urefu wa mita 20, na ukisimama chini mtoni ukapima mpaka juu shambani unapata mita 3. Hapo ndo tunaanzia.

Kwanza urefu. Usijenge mita 20 zile zile zilizoliwa. Ongeza mita 2 kila upande uingie kwenye ukingo mzima ambao bado una mizizi, tunapata mita 24. Halafu kila mwisho ukuta ukate kona uingie ndani ya udongo mita 2, mafundi wengine wanaita masikio. Hayo masikio watu wanayaruka ili kuokoa hela na ndo yanayoua kazi, maana maji yanazunguka nyuma ya ukuta yanachimba kule na ukuta unabaki umesimama peke yake katikati ya mto, ukingo umeshahama.

Pili, chini. Ukuta wa gabioni mara nyingi hausukumwi na maji ukaanguka, unachimbwa chini ya miguu. Mto ukijaa unachota mchanga kwenye kitako cha ukuta, mchanga wetu wa mito ya kusini ni laini unaondoka haraka sana, ukuta unainama mbele. Kwa hiyo unatandika kwanza godoro la mawe, yaani gabioni bapa ya 6x2x0.3, unachimba kidogo ili mgongo wake uwe sawa na sakafu ya mto. Mita 2 zikae chini ya ukuta, mita 4 zitokeze kwenda mtoni. Mto ukichimba, lile godoro linajikunja linashuka linafunika shimo lenyewe. Sehemu inayotokeza iwe mara mbili ya kina unachotegemea mto utachimba, mimi hapa nimechukua mita 2 ndo maana nikapata 4. Kina hicho waulize wazee wa hapo na uangalie kwenye kona za mto wapi kuna shimo refu kiangazi.

Godoro moja lina upana wa mita 2, kwa hiyo mita 24 ni magodoro 12. Kila moja ni 6 x 2 x 0.3 = kyubiki mita 3.6, yote 43.2.

Tatu, ukuta wenyewe. Kimo mita 3 ni ngazi tatu za mita moja moja. Upana wa chini uwe kama theluthi mbili ya kimo, yaani mita 2, ngazi ya pili mita 1.5, ya juu mita 1. Mgongo wa nyuma unyooke, vidato vitazame mtoni.

Ngazi ya chini unalaza bokisi za 2x1x1 kichwa kikiangalia mto, kila moja inakula mita 1 ya urefu, hivyo bokisi 24, kyubiki 48. Ngazi ya pili bokisi za 1.5x1x1 zimelala vile vile, 24, kyubiki 36. Ngazi ya juu unarudi kwenye 2x1x1 ila sasa unazilaza kufuata mto, kila moja inakula mita 2, kwa hiyo 12 tu, kyubiki 24. Masikio, bokisi 3 kila upande zimepangwa juu kwa juu, jumla 6, kyubiki 12.

Oda yako sasa ni bokisi 42 za 2x1x1, bokisi 24 za 1.5x1x1, na magodoro 12. Ujazo wote ni 48+36+24+12+43.2 = kyubiki mita 163.2.

Sasa tulia hapa, hii ndo sehemu iliyonifanya niandike somo lote hili. Watu wanasoma mahali kwamba gabioni ikijazwa ina uwazi kama asilimia 35 kati ya jiwe na jiwe, ni kweli kabisa, basi wanachukua 163.2 wanazidisha kwa 0.65 wanapata 106, wanaagiza mawe kyubiki 106. Tipa la kyubiki 10 linaleta tripu 11 na mawe yanaisha ukuta uko nusu, hela imeisha, mvua inakuja.

Kosa liko wapi? Hata mawe yaliyomwagwa ndani ya tipa yana uwazi, tena mkubwa zaidi, kama asilimia 45, maana hayajapangwa. Ile 106 ni jiwe tupu bila hewa na hakuna mtu anayekuuzia jiwe tupu bila hewa. Ukinunua kwa tipa unafanya kinyume, unaongeza. 0.65 ugawe kwa 0.55 unapata karibu 1.18, weka na mawe madogo utakayoyatupa, chukua 1.2. Kwa hiyo

```
163.2 x 1.2 = 195.8, sema kyubiki 196
```

Na usikubali neno la dereva kwamba tipa lake ni la kyubiki 12. Panda na futi ndani ya bodi upime mwenyewe. Ukikuta urefu 4.4, upana 2.3, na mawe yamefika kimo cha mita 1, hiyo ni 10.1. Angalia pia kama yamesawazishwa, maana mengine yanakuja na kichuguu katikati na pembe zote nne tupu. Kwa tipa hilo 196 ni tripu 20. Ona tofauti, 11 na 20.

Kama machimbo wanauza kwa tani kwenye mizani, hapo ndo ile 106 ina kazi. 106 x 2.6, uzito wa jiwe gumu kama la Masasi, ni tani 276, ongeza kidogo ya kupotea agiza 290. Gawa kwa tripu 20 unaona kila tipa kama tani 14 na nusu, hesabu zinakutana.

Saizi ya jiwe, kwa wavu wenye tundu la 8x10 sentimita chukua sentimita 10 mpaka 25. Kwenye godoro ambalo ni jembamba usizidi 20, na wavu wake ukiwa wa tundu dogo ni bora zaidi.

Kujaza nitapita haraka ila moja mlishike. Uso wa mbele unapangwa kwa mkono kama unajenga ukuta wa mawe, jiwe bapa likae bapa, katikati ndo unaweza kumwaga. Jaza theluthi, funga waya wa kuvuta mbele na nyuma, jaza theluthi ya pili, funga tena, halafu malizia ukizidisha sentimita 3 mpaka 5 juu kwa sababu mawe yatashuka. Usipofunga zile waya bokisi inatoa tumbo na ngazi ya juu haitakaa sawa tena.

Nyuma ya ukuta na chini ya godoro weka kitambaa cha kuchuja, ni 24x3 + 24x6 = mita za mraba 216, na kupishana sentimita 30 kwenye viungo chukua 250. Bila kitambaa udongo unatoka taratibu kupitia kwenye mawe, dalili yake ni shimo linalotokea juu ya shamba nyuma ya ukuta wakati ukuta wenyewe unaonekana mzima.

Kazi hii ni ya Agosti mpaka Oktoba maji yakiwa chini. Na kabla ya kuchimba mtoni pita ofisi ya maji ya bonde, Ruvuma na Pwani ya Kusini, wapo Mtwara, kwa ajili ya kibali.

MASWALI YA WADAU

Mdau wa Mtwara mjini: Asante mwalimu. Huku kwetu mawe ya matumbawe ndo yamejaa, kuyatoa Masasi ni gharama, siwezi kutumia haya haya?

Jibu: Ndugu yangu ya baharini usiguse kabisa. Ya nchi kavu yanatofautiana. Chukua vipande kadhaa loweka usiku kucha halafu piga nyundo, likilia kavu na kugoma kupasuka linafaa, likitoa unga au kumeguka achana nalo. Laini likikaa kwenye maji linasagika, vipande vinapita kwenye tundu na bokisi inalegea. Kama hela inabana, jiwe gumu weka kwenye magodoro na ngazi ya chini, la matumbawe gumu kiasi liende ngazi ya juu. Na ukilitumia ile hesabu ya tani haifai tena maana ni jepesi, nunua kwa kyubiki.

Mdau wa Nyangao: Fundi wangu anasema atashona mwenyewe kwa wavu wa fensi, bei nusu. Unashaurije mkuu?

Jibu: Mkuu usikubali. Wavu wa fensi waya mmoja ukikatika na gogo la mafuriko, unafumuka mstari mzima kama sweta. Wa gabioni umesokotwa mara mbili kila kiungo, ukikatika mmoja tundu linabaki hapo hapo. Angalia waya uwe milimita 2.7 na umepakwa zinki, na kama uko karibu na mdomo wa mto ambako maji ya chumvi yanapanda, tafuta wenye ganda la plastiki juu.

Dada wa Mikindani: Shikamoo mwalimu. Mimi sina mto, nyuma ya nyumba kuna mlima umekatwa, kimo mita 1 na nusu, urefu mita 8, udongo unashuka kila masika. Na mimi nihesabu hivyo hivyo?

Jibu: Marahaba dada. Kwako godoro halihitajiki. Weka ngazi mbili, ya chini nusu izame ardhini. Chini bokisi 8 za 1.5x1x1, kyubiki 12, juu bokisi 4 za 2x1x1, kyubiki 8. Jumla 20, mara 1.2 ni 24, tripu mbili na nusu za tipa la kyubiki 10. Kitambaa nyuma usiache. Na juu ya mlima chimba mfereji upeleke maji pembeni, maana kinachoshusha huo udongo ni maji yanayoingia kwa juu.

Mdau wa Nyangao: Na ukingo wangu ukiwa mita 5?

Jibu: Hapo tafuta injinia apime udongo. Hii theluthi mbili ni ya kuta fupi, ikipita mita 3 mzigo wa udongo nyuma unapanda haraka kuliko kimo kinavyopanda. Wakati unamsubiri pima urefu, kimo, na kina cha shimo la mto kwenye kona, hivyo vitatu atakuuliza.