Jinsi ya kumwomba mfadhili muda zaidi bila kumwomba fedha zaidi

Wiki iliyopita dada mmoja wa shirika jirani alinipigia akiwa na barua ya kurasa 3 mkononi. Mradi wao unaisha baada ya miezi 2, kazi iko nusu, na fedha bado zipo benki. "Kaka, nimeeleza kila kitu," akaniambia, "mvua, zabuni, mpaka gari lililoharibika." Nikamuuliza swali moja tu: hiyo miezi mnayoomba, mshahara wako utatoka wapi? Akanyamaza. Mimi pia niliwahi kunyamaza hivyo hivyo, kwa hiyo nimeona niandike nilivyofanya mimi.

Mfano nitakaoutumia ni mradi wetu wa visima virefu 4 mkoani Singida, ulioanza Julai 2023 na kutakiwa kuisha 31 Desemba 2024. Bajeti ilikuwa shilingi milioni 320. Barua niliiandika mwanzoni mwa Oktoba 2024.

Hatua ya 1: Fungua mkataba

Tafuta kifungu cha mabadiliko ya mkataba. Kitakwambia barua iende kwa nani, isainiwe na nani, na mwisho wa kuomba ni lini. Mikataba ya ruzuku ya Umoja wa Ulaya huwa inataka ombi lifike siku 30 kabla ya tarehe unayotaka mabadiliko yaanze. Kwa fedha za serikali ya Marekani, kanuni ya 2 CFR 200.308 inataja siku 10 kabla ya mradi kuisha, nyongeza isiyozidi miezi 12, na inakataza kuongeza muda kwa sababu tu kuna salio la kumaliza. Hilo la mwisho lishike hata kama mfadhili wako si Mmarekani. Ukiandika "tunaomba muda ili tutumie fedha zilizobaki", umejikataa mwenyewe. Muda unaombwa kwa ajili ya kazi.

Mimi naomba miezi 3 kabla, na kabla ya barua napiga simu. Afisa wa mfadhili hapendi kushtukizwa, na mara nyingi atakutajia mwenyewe kitu ambacho wakubwa zake watakiuliza.

Hatua ya 2: Eleza ucheleweshaji kwa tarehe

Aya moja kwa kila sababu, na sababu zisizidi 3. Kila moja iwe na tarehe iliyopangwa, tarehe halisi, na karatasi ya kuthibitisha. Sisi tulikuwa na hizi. Upimaji wa maji chini ya ardhi ulipangwa Januari 2024, ukafanyika Mei, kwa kuwa mvua za msimu ule zilikuwa nyingi kupita kawaida na barabara za vijiji viwili hazikupitika. Tuliambatisha taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa na barua ya mtendaji wa kata. Zabuni ya kuchimba ilirudiwa kwa sababu mara ya kwanza alijitokeza mwombaji mmoja tu. Na kisima cha kijiji cha tatu kilitoa maji ya chumvi, ikabidi kupima upya mahali pengine. Hapo tuliambatisha majibu ya maabara.

Hilo la zabuni lilikuwa kosa letu. Tuliweka masharti makali kuliko ukubwa wa kazi, mafundi wadogo wakaogopa. Mkurugenzi alitaka tuandike "hali ya soko". Nikambishia, tukaandika ukweli kwa sentensi mbili: tulikosea masharti, tuliyarekebisha tarehe fulani, mkandarasi akapatikana. Afisa hakuuliza hata swali moja juu yake. Aliyeona barua nyingi anajua kwamba mradi ambao makosa yake yote ni ya mvua haupo duniani.

Gari lililoharibika liache. Gari huharibika siku 10, haliharibiki miezi 4.

Hatua ya 3: Hesabu miezi kwa msimu

Sisi tulikuwa nyuma kwa miezi 4, na rasimu yangu ya kwanza iliomba miezi 4: Januari hadi Aprili 2025. Mwenzangu wa uwandani alipoiona akacheka. Singida mvua huanza kati ya Novemba na Desemba na kwisha Aprili. Yaani nilikuwa naomba muda ule ule ambao mtambo wa kuchimbia hauwezi kuingia kijijini, na watu wako mashambani, hata ukiitisha mkutano unakuja na viti vyako ukakae peke yako.

Kwa hiyo nenda kazi kwa kazi, siyo kwa jumla. Kuchimba visima 2 vilivyobaki: wiki 3, lakini kuanzia Mei. Kupima wingi na ubora wa maji, kusubiri majibu, kufunga pampu na sola: Juni. Mafunzo ya chombo cha watumia maji na makabidhiano: Julai. Tukaomba miezi 7, hadi 31 Julai 2025, na kwenye barua tukaeleza kwa nini miezi 4 isingetosha. Kuomba muda mfupi ili uonekane mnyenyekevu ni kujichimbia shimo, kwa sababu ombi la pili la nyongeza huwa gumu mara tatu.

Hatua ya 4: Fedha (hapa ndipo nilipoteza siku 3)

Ombi la namna hii huitwa nyongeza ya muda bila fedha mpya, na jina lenyewe linadanganya. "Bila fedha mpya" haina maana kwamba miezi ile haina gharama. Mratibu atakula, ofisi italipiwa kodi, gari litataka mafuta. Bajeti ya mishahara kwa kawaida inaisha siku ile ile mradi unapoisha, kwa hiyo kila mwezi unaoongeza unaanza na shimo.

Barua yangu ya kwanza ilisema tu: hadi 30 Septemba tumetumia milioni 196, salio ni milioni 124, linatosha kumaliza kazi. Ikarudi na mstari mmoja: onyesheni salio ambalo halijaahidiwa. Nikakaa na mhasibu, tukaligawa:

- Deni la mkandarasi kwenye mkataba uliosainiwa: milioni 68
- Pampu na sola za visima 2: milioni 26
- Mishahara na ofisi, Oktoba hadi Desemba: milioni 15
- Mafunzo, makabidhiano na ukaguzi wa hesabu: milioni 8

Jumla milioni 117. Fedha iliyo huru kweli ilikuwa milioni 7. Na sisi tulikuwa tunatumia milioni 5 kwa mwezi kuendesha mradi, mara miezi 7, ni milioni 35. Pengo la milioni 28, na nilikuwa nimeshaandika "linatosha".

Hapa watu wengi hukimbilia kupunguza kazi: badala ya visima 4 viwe 3. Usifanye hivyo kwenye barua hii. Ukigusa matokeo yaliyoahidiwa, huombi muda tena, unaomba mradi mwingine, na ombi linahamia meza nyingine. Punguza gharama za kuendesha kwanza. Tulikubaliana kwamba Januari hadi Aprili, wakati mtambo umelala, abaki mratibu peke yake kwa siku chache za wiki na sehemu ndogo ya kodi: milioni 1 kwa mwezi, jumla 4. Mei hadi Julai mratibu arudi kazi kamili pamoja na fundi maji, milioni 3 kwa mwezi, jumla 9. Dereva na mhasibu wakahamishiwa mradi mwingine. Nyongeza yote ikagharimu milioni 13.

Tulipata wapi 13? Saba ni ile fedha huru. Mbili zilitoka kwenye makabidhiano: tulikuwa tumepanga ukumbi wa wilayani na chakula, tukaamua kukabidhi kisimani penyewe. Nne zilizobaki shirika likazibeba kutoka mapato yake, na mkurugenzi akasaini ahadi hiyo. Si shirika lenye uwezo huo kila wakati. Kama huna, rudi upunguze miezi ya watumishi mpaka hesabu zifunge.

Tahadhari tatu hapa. Kwanza, salio kwenye barua lilingane na ripoti ya fedha ya mwisho uliyowasilisha, mpaka shilingi. Yetu ilipishana kwa sababu mhasibu alichukua salio la benki, na benki kulikuwa na hundi 2 ambazo hazijapitishwa. Pili, kama ruzuku inakuja kwa fedha za kigeni na shilingi imeshuka, ile ziada ya kubadilishia si yako mpaka mkataba useme hivyo. Usiitumie kuziba pengo kimyakimya. Tatu, kuhamisha fedha kutoka kasma moja kwenda nyingine huwa kuna kikomo. Ukikivuka, omba ruhusa hiyo ndani ya barua hii hii.

Hatua ya 5: Mpango kazi mpya

Usifute kazi zilizokamilika, na usifiche tarehe za zamani. Afisa anataka kuona ya zamani na mpya bega kwa bega. Mimi sitaki zile chati za mistari ya rangi. Zikichapishwa bila rangi hazisomeki. Jedwali la kawaida la Excel linatosha, ukurasa mmoja:

| Kazi | Tarehe ya awali | Tarehe mpya | Hali |
|---|---|---|---|
| Visima 1 na 2 | Mei 2024 | – | Vimekamilika Septemba 2024 |
| Kisima 3, eneo jipya | Mei 2024 | Mei 2025 | Upimaji umekamilika |
| Kisima 4 | Juni 2024 | Mei 2025 | Kibali cha kuchimba kipo |
| Pampu na sola, 3 na 4 | Agosti 2024 | Juni 2025 | Zabuni itatoka Februari |
| Mafunzo na makabidhiano | Novemba 2024 | Julai 2025 | Bado |

Safu ya "Hali" ndiyo iliyotusaidia. Kibali kutoka bodi ya maji ya bonde kilikuwa tayari mkononi, kwa hiyo ilionekana kwamba kilichobaki ni ardhi kukauka tu. Na angalia Februari: tuliweka zabuni ya pampu ndani ya miezi ya mvua ili miezi ile isionekane mitupu.

Hatua ya 6: Barua yenyewe

Ukishakuwa na hesabu na jedwali, barua ni kurasa 2. Aya ya kwanza ibebe ombi lote:

> Tunaomba muda wa mradi uongezwe kwa miezi 7, kutoka 31 Desemba 2024 hadi 31 Julai 2025, bila kuongezwa kwa kiasi cha ruzuku. Idadi ya visima na walengwa haibadiliki. Gharama za kuendesha mradi katika miezi hiyo, shilingi milioni 13, zitatokana na akiba na mchango wa shirika kama ilivyoonyeshwa katika Kiambatisho cha 2.

Halafu kilichokamilika, sababu, mpango mpya, fedha. Shukrani sentensi moja.

Hatua ya 7: Ukijibiwa

Barua pepe ya "tumekubali, karatasi zinakuja" bado si ruhusa. Mpaka nyongeza ya mkataba isainiwe na pande zote mbili, shilingi unayotumia baada ya tarehe ya zamani inaweza kukataliwa na mkaguzi. Yetu ilifika 19 Desemba. Siku iliyofuata tukarefusha mikataba ya mratibu na fundi maji, na ule wa mkandarasi, ambao karibu tuusahau; ulikuwa unaisha siku moja na mradi, pamoja na dhamana yake ya benki.