Kabla ya kumtumia dizaina mipango yako: mkataba wa kutunza siri useme nini

Tuchukue biashara ndogo ya Kisumu inayokausha omena na kuikoleza viungo, sasa inataka kuiuza katika pakiti za gramu 100. Dizaina anayejitegemea yuko Nakuru. Atachora pakiti na lebo kwa Sh 35,000, na malipo ya kwanza ni nusu. Ili afanye kazi anahitaji jina jipya la bidhaa, vipimo vya pakiti, bei, na tarehe ya kuzindua. Hapo ndipo mkataba wa kutunza siri unapoingia, ule ambao wengi huuita endiei.

La kwanza ni mpangilio wa siku. Mkataba utiwe sahihi kabla faili ya kwanza haijaondoka kwenye simu yako. Sheria ya mikataba tuliyorithi kutoka kwa Waingereza hutaka kila upande utoe kitu, na kitu kilichokwisha kutolewa zamani hakihesabiki. Ukimtumia mipango Jumatatu, ukamlipa Jumanne, kisha Ijumaa ukamletea karatasi ya siri asaini, wakili wake atauliza: kwa ahadi hiyo mpya, alipewa nini? Ikiwa umeshatuma, usikate tamaa. Tieni sahihi kabla ya kumpa kazi mpya au malipo ya ziada ambayo hukuwa umemwahidi, mkataba useme kwamba hicho ndicho anachopewa kwa ahadi yake, na utaje kwamba unahusu pia faili alizopokea tangu tarehe fulani.

Pili, angalia ni nani anayesaini. Biashara nyingi ndogo zimesajiliwa kwa BRS kama jina la biashara tu, si kampuni. Jina la biashara si mtu mbele ya sheria. Wanaofungwa na mkataba ni wenye biashara wenyewe. Kwa hiyo andika majina ya wenye biashara kama yalivyo kwenye vitambulisho, kisha “wanaofanya biashara kwa jina la…”. Kama ni kampuni, jina la kampuni liandikwe kamili na mkurugenzi asaini kwa niaba yake. Upande wa dizaina ni vivyo hivyo: jina la studio aliloweka kwenye Instagram halitoshi.

Sasa tufike penye uzito: siri yenyewe ni ipi? Mikataba mingi inayookotwa mtandaoni husema “taarifa zote za aina yoyote ni siri”. Inaonekana kali, lakini ni dhaifu. Mahakama itataka uonyeshe kitu mahususi ambacho hakikuwa hadharani, kilichotolewa kwa namna ambayo mpokeaji alijua ni siri, na ambacho kimetumika bila ruhusa. “Zote” haionyeshi kitu. Dawa yake ni kiambatisho cha ukurasa mmoja kinachoorodhesha kila faili kwa jina lake, tarehe iliyotumwa, na sababu ya kuwa siri.

Ukikiandika kiambatisho hicho utagundua jambo. Orodha ya viungo si siri ya kudumu, kwa sababu itachapwa kwenye pakiti yenyewe, kilicho kizito zaidi kikitangulia. Siri ni vipimo: pilipili gramu ngapi kwa kilo ya omena. Na dizaina hahitaji vipimo hivyo hata chembe. Basi usimpe. Kile asichokuwa nacho hakiwezi kumponyoka, na hakuna kifungu kinachoshinda hilo. Kwa mfano wetu, kiambatisho hubaki na vitu vinne: jina la bidhaa, bei ya kuzindulia, tarehe ya kuzindua, na majina ya maduka mliyozungumza nayo. Jina hasa ni la kuharakisha. Wasilisha mapema ombi la alama ya biashara kwa KIPI, taasisi inayosajili alama hizo Kenya, maana ahadi ya dizaina haimfungi mtu wa tatu aliyebuni jina kama hilo kwa akili yake.

Mkataba wa haki pia hutaja yasiyo siri: yale yaliyo hadharani tayari, aliyoyajua kabla yenu, aliyoyapata kihalali kwa mtu mwingine, na yale ambayo sheria inamlazimisha kuyatoa.

Zingatia kwamba siri za kazi ya namna hii mara nyingi hazivuji kwa wizi. Huvuja kwa njia mbili za kawaida kabisa. Njia moja ni dizaina kuonyesha kazi yake. Amemaliza pakiti nzuri, anaiweka Behance au kwenye status, wiki tatu kabla ya uzinduzi. Kumkataza milele ni kumnyima njia ya kutafuta riziki, na atakuwa na sababu ya kukataa kusaini. Afadhali mkataba useme: anaweza kuonyesha muundo wa mwisho siku 7 baada ya bidhaa kufika madukani, lakini si michoro iliyokataliwa wala bei za majaribio. Muda wa siri nao ufuate vitu, si tarakimu moja kwa vyote. Jina na sura ya pakiti hufa kama siri siku ya uzinduzi. Majina ya maduka na masharti yao yanaweza kulindwa miaka miwili.

Njia nyingine ni kupitisha kazi kwa wengine. Dizaina humpa rafiki amsaidie kuchora picha ya samaki, au humtumia mchapaji faili nzima kuulizia bei. Andika kwamba hampi mtu yeyote bila idhini yako ya maandishi, na kwamba atakayepewa atasaini kwanza ahadi ileile. Kwa mchapaji wa kuulizia bei, vipimo vya pakiti, aina ya karatasi na idadi ya rangi vinatosha, jina halihitajiki.

Namna ya kutuma nayo ni sehemu ya ushahidi. Kwenye Google Drive weka `Restricted`, usiache `Anyone with the link`, kisha ongeza barua pepe ya dizaina peke yake. Chini ya kila ukurasa andika “Siri – nakala ya dizaina” na tarehe. Ukitupa faili hizohizo kwenye grupu la WhatsApp lenye watu 40, umejivunjia mkataba mwenyewe.

Kuhusu fidia, jizuie. Kifungu cha “atalipa Sh 2,000,000 kwa kila kosa” katika kazi ya Sh 35,000 kina harufu ya adhabu, na mahakama hukataa adhabu. Ukitaka kutaja kiasi, kiwe kadirio la hasara unaloweza kulieleza, kwa mfano gharama ya kuchapa upya pakiti 2,000 zenye jina jipya. Ongeza kwamba unaweza kuomba zuio la mahakama, kwa kuwa siri ikishatoka pesa hazirudishi kitu.

Mwisho wa kazi, ndani ya siku 14, afute faili ulizompa na athibitishe kwa barua pepe. Haki za michoro ni jambo jingine, liandikwe kwenye mkataba wa kazi.

Na kile kifungu cha kumkataza asifanye kazi na muuza samaki mwingine kwa miaka mitatu, kifute. Kenya ina sheria kuhusu mikataba inayobana biashara, Sura ya 24, na mahakama inaweza kukitupa kifungu kisicho cha busara. Tena huyo dizaina huenda anaishi kwa kazi za wauza samaki.