Hundi imeingia, pesa bado: ada ya ovadrafti Marekani

Tuseme akaunti yako ina dola 300. Ijumaa saa moja jioni unaweka hundi ya mshahara ya dola 1,800 kwenye ATM ya benki yako. Simu inaonyesha dola 2,100, nawe unalala ukijua kodi ya nyumba, dola 1,200, itakatwa Jumanne bila shida. Jumanne inakatwa, na pamoja nayo dola 35 za ovadrafti, yaani ada ya kutumia pesa kupita zilizomo kwenye akaunti.

Tatizo ni kwamba uliangalia salio lisilo lenyewe. Current balance inahesabu kila kilichoingia. Available balance ndiyo pesa unayoweza kuitumia, na ovadrafti kwa kawaida hupimwa kwa hiyo. Tena Ijumaa ulichelewa, saa ya mwisho ya kupokea hundi ilikuwa imepita. Jumamosi na Jumapili si siku za kazi za benki, kwa hiyo hundi yako ilihesabiwa kuwa imewekwa Jumatatu.

Kwa kanuni ya shirikisho iitwayo Regulation CC, dola 275 za kwanza hufunguliwa siku ya kazi inayofuata, yaani Jumanne, na zilizobaki Jumatano. Kiasi hicho kilikuwa 225 hadi Julai 2025. Jumanne basi ulikuwa na dola 575 tu. Benki ilikulipia kodi, ikakuacha na deni la dola 625, halafu ikaongeza ada yake: 660. Kama mshahara ungeingia moja kwa moja kwa njia ya kielektroniki, usingezuiwa hivi. Mwombe mwajiri wako akuwekee utaratibu huo.

Hundi inayopigwa picha kwa simu ni habari nyingine: benki nyingi zina masharti yao wenyewe, yasome kabla hujaitegemea.

Wakati mwingine benki huzuia pesa kwa siku zaidi kwa sababu ina shaka kwamba hundi italipwa. Hapa wengi hupoteza haki yao kwa kutoijua. Ikiwa hukupewa taarifa ya maandishi wakati wa kuweka hundi, hundi ikaja kulipwa, na ovadrafti isingetokea bila ucheleweshaji huo, benki hairuhusiwi kubaki na ada hiyo. Omba irudishwe, ukitaja tarehe ya kuweka hundi na tarehe ya kukatwa. Kwa mfano wetu wa Ijumaa hakuna haki hiyo, lakini piga simu hata hivyo. Benki huweza kusamehe ada, hasa ikiwa ni mara yako ya kwanza.

Na pesa kufunguliwa hakumaanishi hundi imelipwa. Hundi ya bandia huweza kurudi wiki kadhaa baadaye, na utakayedaiwa ni wewe. Mtu usiyemjua akikupa hundi kisha akakuomba umtumie sehemu ya pesa hizo, usitume.