Pima Faida kwa Kigezo Kinachofanana na Mali Yako

Jirani yangu hapa Ngamiani, Tanga, alisikitika kwamba uwekezaji wake ulizalisha asilimia 16 kwa mwaka ilhali hisa za Soko la Dar es Salaam zilipanda kwa asilimia 20. Ulinganisho huo haukuwa wa haki, kwa sababu asilimia 60 ya fedha zake, yaani shilingi milioni 6 kati ya 10, ilikuwa katika hatifungani za serikali, na milioni 4 tu katika hisa.

Tuliunda kigezo, yaani kiwango cha kulinganishia faida yake, kwa kuchanganya hatifungani na hisa kwa uwiano huohuo: hatifungani za aina yake zilitoa asilimia 12, hivyo 0.6 × 12 + 0.4 × 20 ni asilimia 15.2. Hapo alionekana ameshinda. Hata hivyo, tulipoondoa shilingi 150,000 za wakala na msimamizi, faida ya 1,600,000 ilibaki 1,450,000, yaani asilimia 14.5, chini ya kigezo.

Hakikisha pia kwamba gawio limehesabiwa pande zote mbili, kwenye mali yako na kwenye kigezo, maana fahirisi, yaani kipimo cha mwenendo wa soko, inayopima bei pekee hailihesabu, na kwamba fedha ulizoongeza katikati ya mwaka hazihesabiwi kuwa faida.