Jinsi ya kujua wastani unaotakiwa kupata ili ufadhili usikatwe

Barua yangu ya ufadhili ilisema wastani wa jumla usiwe chini ya 3.5 mwisho wa mwaka wa pili. Nilipoingia muhula wa nne nilichukua wastani wa mihula mitatu iliyopita, 3.75, 3.0 na 3.5, nikapiga hesabu ya haraka: 3.5 mara nne ni 14, toa 10.25, inabaki 3.75. Muhula ule nikapata 3.78, nikawapigia simu nyumbani kuwaambia mambo safi. Wiki mbili baadaye ikaja barua ya kusimamishiwa ufadhili, kwa sababu wastani wa jumla ulikuwa 3.47.

Nilichokosea ni kuihesabu mihula kana kwamba ina uzito sawa. Muhula wangu mbaya ndio uliokuwa na krediti nyingi kuliko yote. Basi tuifanye upya kwa namba zilezile, safari hii kwa njia sahihi.

Hatua ya 1: Badili kila wastani uwe pointi.

Wastani peke yake haujumlishiki, ila pointi zinajumlishika. Chukua wastani wa muhula, zidisha kwa krediti za muhula huo. Kwangu ilikuwa hivi:

Muhula wa 1: 3.75 × 16 = 60
Muhula wa 2: 3.0 × 22 = 66
Muhula wa 3: 3.5 × 16 = 56

Jumla ni pointi 182 kwa krediti 54. Ukigawanya unapata 3.37, wakati ile njia yangu ya mkato ilikuwa inanionyesha kama 3.42. Kama una matokeo ya kozi mojamoja, ni bora uanzie huko, maana wastani wa muhula unaweza kuwa umeshakatwa desimali.

Hatua ya 2: Tafuta pointi unazodaiwa.

Muhula wa nne ulikuwa na krediti 18, kwa hiyo mwisho wa mwaka ningekuwa na krediti 72. Ili 72 zibebe wastani wa 3.5, zinatakiwa pointi 72 × 3.5 = 252. Ninazo 182. Deni ni 70.

Hatua ya 3: Gawanya deni kwa krediti za muhula.

```
(3.5 × 72 − 182) ÷ 18 = 3.89
```

Hiyo 3.89 ndiyo namba niliyotakiwa kuifukuzia, siyo 3.75. Na kabla hujaondoka hapa, ilinganishe na pointi ya juu kabisa ya chuo chako. Ikiizidi, usijidanganye, muhula mmoja hautoshi.

Hatua ya 4: Igeuze iwe gredi.

Hapa ndipo wengi wanaishia njiani. Hakuna mtu anayeingia kwenye mtihani kutafuta 3.89, anaingia kutafuta A au B+. Tuseme A ni pointi 5, B+ ni 4, B ni 3, C ni 2. Chuo chako kikiwa na mpangilio mwingine, weka wa kwenu. Kozi zangu sita zilikuwa na krediti 4, 4, 3, 3, 2 na 2.

Nikipata B+ kote nina pointi 72, yaani ziada ya 2 tu. Sasa shika hii: ukishuka gredi moja kwenye kozi, kwa mpangilio huu unapoteza pointi sawa na krediti za kozi hiyo. Kwa hiyo naruhusiwa B moja tu, tena kwenye kozi ya krediti 2. B hiyohiyo ikiangukia kozi ya krediti 3, nabaki na 69, na jumla inakuwa 251 ÷ 72 = 3.486. Ili nijiokoe lazima mahali pengine nipate A.

Ukiiandika hivi kwenye karatasi unaona mara moja nguvu zako ziende wapi: A kwenye kozi ya krediti 4 inafidia B mbili za kozi za krediti 2.

Na ile 3.486 ichunge sana. Kuna vyuo vinavyokadiria kwenda 3.5 na kuna vinavyokata desimali ibaki 3.4. Wewe piga hesabu ukichukulia watakata.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi nina sapu ya kozi ya krediti 3. Inaingiaje kwenye hesabu?

Jibu: Inategemea kama matokeo mapya yanafuta ya zamani au yote mawili yanahesabiwa. Tuseme ndani ya zile 54 kulikuwa na kozi ya krediti 3 uliyopata sifuri, ukairudia ukapata C, pointi 6. Kama inafutwa, krediti zinabaki 54 na pointi zinakuwa 188. Deni linashuka hadi 64, unahitaji 3.56. Kama zote zinahesabiwa, krediti zinakuwa 57, na ukiongeza 18 ni 75. Zinatakiwa pointi 262.5, unazo 188, deni 74.5, unahitaji 4.14. Unaona tofauti ilivyo kubwa kwa kozi ileile. Soma kanuni za mitihani kabla hujashika kalamu.

Swali: Barua yangu inasema "wastani wa mwaka" siyo wa jumla. Njia ni hiyohiyo?

Jibu: Njia ni ileile, unachobadilisha ni unapoanzia. Mwaka jana unautupa nje kabisa. Kwa mfano wangu ningeanza na muhula wa tatu tu: pointi 56 kwa krediti 16. Mihula miwili ni krediti 34, zinatakiwa 119, deni 63, sawa na 3.5 badala ya 3.89. Neno moja kwenye barua limepunguza pointi 7.

Swali: Nikiongeza kozi nyepesi ya krediti 3 haitanisaidia?

Jibu: Itakusaidia ukipata juu ya kiwango cha mfadhili. Kwa kiwango cha 3.5, A kwenye kozi hiyo inashusha mahitaji ya kozi zako nyingine kutoka 3.89 hadi 3.64. B+ inashusha kidogo tu, 3.81. Ukipata B umejiongezea mzigo, unahitaji 3.97. Na hakikisha kwanza kwamba mfadhili anazihesabu kozi za hiari, wengine hawazihesabu.

Swali: Sisi tunatumia asilimia, hatuna krediti. Kiwango ni 65.

Jibu: Kama masomo yana uzito sawa, weka idadi ya masomo mahali pa krediti. Umefanya 7 ukapata jumla ya 434, yamebaki 5: 65 × 12 ni 780, toa 434, inabaki 346, gawa kwa 5 ni 69.2.

Swali: Kaka, nimefanya hatua zote nimepata 5.3 na chuo chetu mwisho ni 5. Nimekwisha?

Jibu: Kwa muhula huu, ndiyo, kiwango hukifikii hata ukipata A tupu. Rudia hatua ya 2 ukiweka krediti za mihula miwili ijayo, uone namba inashuka hadi ngapi. Ikishuka ikawa ya kufikika, mwandikie mfadhili sasa, kabla matokeo hayajatoka, uombe muhula mmoja wa uangalizi, na hesabu hiyo uiambatanishe.