Namba ya konti imegeuka 9,90021E+19: vile ya kufungua fishie bila kupoteza shifre

Wenye kufanya paie hapa Lubumbashi mutaijua hii mambo: banki inatuma liste ya bakliyan mu CSV, unaklike mara mbili, Excel inafunguka, na kolone yote ya konti inakuwa 9,90021E+19, 9,90021E+19, mupaka chini. Batu bamingi banaenda mbio kubadilisha forma ya kolone. Pale E+19 inatoka kweli, lakini angalia muzuri kile kinabakia.

Tuchukue konti moja ya mufano, yenye shifre 23 (nimeitunga, haina ya mutu):

```
00099002100123456789045
```

Excel inaona shifre tupu, inasema basi hii ni namba ya kuhesabu. Zero tatu za mbele inazitupa, juu mu hesabu hazina kazi. Kiisha inashika shifre 15 tu, zenye kufuata inaweka zero, njo ile mupaka yake, hakuna forma ya kuipanua. Ukiweka forma Nombre utaona hivi:

```
99002100123456700000
```

89045 ya mwisho imekwenda, na haiko imejificha fasi fulani, haiko tena mu hiyo fishie ya Excel. Kwa hiyo usipoteze wakati ku forma, rudia ku CSV ile banki ilituma. Na kama uliisha kuifungua mu Excel na uka-save juu yake, omba ingine, juu Excel inaandika mu CSV kile kinaonekana ku ekra, ni kusema 9,90021E+19 yenyewe. Ata namba ya shifre 12 ao 13, yenye ingeponaka, inakufa pale.

1. Angalia fishie mu Bloc-notes. Klike ya kuume, Ouvrir avec, Bloc-notes. Ukiona shifre zote, fishie ni muzima. Angalia pia nini inatenga kolone, kwetu mara mingi ni `;` juu kompyuta zetu ziko mu Kifaransa.

2. Ukiwa mu Bloc-notes, fanya Enregistrer sous, uite liste.txt. Usibadilishe jina mu dosie, Windows inapenda kuficha mwisho wa jina na utajikuta na liste.txt.csv. CSV ya banki usiiguse.

3. Fungua Excel tupu, Fichier, Ouvrir, Parcourir, chagua Tous les fichiers, kamata liste.txt. Kwa sababu ni .txt, Excel inakuuliza mbele ya kufungua. Fenetre ya kwanza chagua Délimité, ya pili weka Point-virgule. Ya tatu njo yenye maana: klike juu ya kolone ya konti mupaka ikuwe nyeusi, kiisha chagua Texte. Kolone ya feza iache Standard, ile tunataka kuhesabu. Terminer.

Sasa utaona pembe tatu ndogo ya kijani ku kila kaze ya konti, na Excel itakupendekeza Convertir en nombre. Usiiguse kabisa! Klike moja tu na zile 89045 zinakwenda tena.

4. Hakikisha. Konti zikiwa mu B2 mupaka B400, andika pembeni:

```
=SOMMEPROD(--(NBCAR(B2:B400)<>23))
```

Inahesabu linye zenye hazina shifre 23. Inafaa itoe 0. Ikitoa ingine, ao kuko espasi imejificha ku mwisho wa namba, ao linye tupu, ao kolone haikuingia Texte.

Fasi yenye inashika ata wenye mayele ni kutafuta konti zenye kurudilia. NB.SI, ata kolone ikiwa Texte, inageuza kila kitu namba na inalinganisha shifre 15 tu, kwa hiyo konti yenye kumalizika na 89045 na ya mwenzake yenye kuanza sawa nayo lakini inamalizika na 81167 itakuambia ni moja, na utafuta mutu ku liste ya mushahara bure. Tumia hii:

```
=SOMMEPROD(--(B$2:B$400=B2))
```

1 maana iko peke, 2 maana inarudilia kweli.

5. Save mu .xlsx, na ukituma kwa mwenzako tuma hiyo .xlsx. Banki ikikulazimisha CSV, Enregistrer sous CSV inabakisha shifre zote kama kolone ni Texte, lakini kisha hapo usiifungue tena na Excel eti unahakikisha. Ihakikishe mu Bloc-notes, kiisha tuma.